Mistari Saba ya Marko: Namna ya Kuandika Ufafanuzi wa Kifungu cha Maandiko Chuoni

Karatasi ya swali huwa na maneno machache. Kwa mfano: andika ufafanuzi wa Marko 7:24–30 ukitumia vyanzo, maneno yasiyozidi 1000. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa teolojia au masomo ya dini anafungua Biblia, anakuta ni kisa cha yule mama wa nchi ya Tiro aliyemwendea Yesu kumwombea binti yake, na moyo wake unatulia. Kisa hiki anakijua, amekisikia kanisani tangu utotoni. Hatari ya kazi nzima imo humo, kwa sababu kisa anachokijua hakimo katika mistari saba aliyopewa. Kilichomo kichwani mwake kimetoka kwa Marko kidogo, kwa Mathayo zaidi, na kwa mahubiri ya miaka mingi. Yeye ameombwa aeleze maandishi ya Marko.

Nimesahihisha kazi za namna hii kwa muda mrefu, na hapa nataka kuonyesha zinavyoandikwa, hatua kwa hatua, kwa kutumia kifungu hiki kimoja. Nimekichagua kwa kuwa ni kigumu. Yesu anamjibu mama mwenye mtoto mgonjwa kwa maneno yanayotaja mbwa. Mama naye anajibu, na jibu lake ndilo linalogeuza mambo. Msomaji makini hawezi kupita hapo bila kusimama, na ufafanuzi mzuri huanzia pale msomaji anaposimama.

Kwanza tujue kinachotakiwa. Insha ya kawaida hushughulikia mada, tuseme wanawake katika Injili ya Marko. Mahubiri hushughulikia wasikilizaji: Mungu anawaambia nini watu walioketi hapa Jumapili hii. Ufafanuzi wa kifungu una kazi finyu kuliko hizo mbili. Unaeleza maandishi haya yanasema nini, kwa nini yamesemwa hivi, na msomaji anahitaji kujua nini ili ayaelewe. Kila sentensi unayoandika lazima iwe na mahali pa kurudi ndani ya mistari ile saba. Vyanzo, yaani Injili nyingine, waandishi wa kale na wataalamu wa leo, vinakaribishwa pale neno la kifungu linapovihitaji, na si kabla ya hapo.

Penseli kabla ya maktaba

Usianzie maktaba. Nakili kifungu kwa mkono, au kichape ukiacha nafasi pana kati ya mistari, kisha ukisome polepole ukiwa na penseli. Kama hujasoma Kigiriki, weka tafsiri mbili mbele yako, ile ya Union ya mwaka 1952 na nyingine ya karibuni zaidi, na utie alama kila zinapoachana. Mara nyingi tafsiri huachana pale ambapo Kigiriki chenyewe kina utata, na hapo ndipo utakapohitaji mtaalamu akusaidie.

Weka alama kwa vitu vilivyomo na kwa vitu ulivyotegemea kuviona ambavyo havimo. Katika mstari wa 24 Yesu anafika pande za Tiro, anaingia nyumbani, hataki mtu ajue. Hatuambiwi ni nyumba ya nani, na hatuambiwi kwamba alikwenda kuhubiri. Katika mstari wa 25 mama anaanguka miguuni pake. Kisha katika mstari wa 26 Marko anakisimamisha kisa ili kumtambulisha mwanamke huyu: ni Myunani, na kwa kuzaliwa ni Msirofoinike. Hana jina, lakini amepewa utambulisho mara mbili. Mwandishi asiyependa maneno mengi kama Marko hafanyi hivyo bure. Mstari wa 27 una neno dogo ambalo wengi hulipita: watoto washibe kwanza. Katika wa 28 mama hakatai mfano aliopewa, anaingia ndani yake na kuutumia. Katika wa 29 Yesu anataja sababu ya kumkubalia, nayo ni neno alilolisema. Katika wa 30 mama anarudi nyumbani, anamkuta mtoto kitandani na pepo ametoka. Hakuna umati unaoshangaa, wala mtu anayemsifu Mungu kwa sauti.

Ukishamaliza utakuwa na alama kumi au zaidi. Maneno 1000 hayawezi kuzibeba zote. Chagua tatu au nne zinazoshikamana, na uziache nyingine zipite kwa sentensi moja moja. Mimi ningechukua utambulisho wa mwanamke katika mstari wa 26, mabishano ya mkate katika mistari ya 27 na 28, na sababu iliyotajwa katika mstari wa 29. Mambo hayo matatu yana uzi mmoja: nani ana haki ya kula, na ni nini kinachobadili jibu la swali hilo.

Kifungu kinakaa wapi

Sehemu inayoharibiwa kuliko zote ni muktadha. Wanafunzi wengi hutumia maneno 300 ya mwanzo kueleza Marko alikuwa nani, aliandikia wapi, na mapokeo ya kale yanasemaje kuhusu uhusiano wake na Petro. Hayo yangeweza kuandikwa juu ya kifungu chochote cha Injili hii, na kwa hiyo hayafafanui hiki. Sentensi mbili zinatosha: kwamba wataalamu wengi huiweka Injili ya Marko karibu na mwaka 70, wakati Warumi walipoliteka Hekalu la Yerusalemu baada ya vita vilivyoanza mwaka 66, na kwamba vita hivyo vitahitajika baadaye tutakapofika kwenye jina la Tiro.

Muktadha wenye faida ni ule wa karibu. Rudi nyuma kidogo uone sura ya 6: watu elfu tano wanalishwa, wanashiba, na vikapu kumi na viwili vya vipande vinabaki. Nenda mbele hadi mwanzo wa sura ya 8: watu elfu nne wanalishwa, wanashiba, na makanda saba yanabaki. Kifungu chetu kimekaa katikati ya karamu hizo mbili. Kabla yake tu, mwanzoni mwa sura ya 7, kuna ugomvi juu ya wanafunzi wanaokula mkate kwa mikono isiyonawiwa, ugomvi unaoishia kwenye fundisho kwamba kinachomtia mtu unajisi hutoka ndani yake. Baada tu ya fundisho hilo Yesu anavuka kwenda nchi ya watu ambao Myahudi mcha Mungu wa wakati ule angewahesabu kuwa najisi, na huko anajikuta akizungumza juu ya mkate.

Mpangilio huu mwanafunzi anaweza kuuona mwenyewe kwa Kiswahili. Mkate unarudi, makombo au vipande vinarudi, na kushiba kunarudi. Anapoandika kwamba makombo anayoyaomba mama yanamkumbusha msomaji vile vikapu vilivyobaki, anaongea kwa ushahidi uliomo kwenye Injili yenyewe. Akimkuta mtaalamu aliyesema hivyohivyo amtaje, lakini hoja imesimama kwa miguu yake.

Mathayo pembeni, na mtego wa imani

Hatua inayofuata ni kuchora safu mbili kwenye karatasi: kushoto Marko 7:24–30, kulia Mathayo 15:21–28. Yapo matoleo yaliyochapishwa yanayopanga Injili bega kwa bega, lakini kuchora mwenyewe kunafundisha zaidi. Luka hutamhitaji, kwa sababu hana kisa hiki. Sehemu yote ya Marko kuanzia 6:45 hadi 8:26 haionekani kwake.

Sasa soma safu hizo kwa kuvuka. Kwa Mathayo nyumba imetoweka, na mazungumzo yanaonekana kuwa njiani. Mwanamke ni Mkanaani, anapaza sauti na kumwita Yesu Mwana wa Daudi. Yesu ananyamaza. Wanafunzi wanaingilia kati wakitaka aondolewe. Yesu anasema ametumwa kwa kondoo waliopotea wa nyumba ya Israeli tu. Neno linalotaka watoto washibe kwanza halipo. Na mwishoni Yesu anasifu imani ya mwanamke kwamba ni kubwa.

Rudi kwenye safu ya kushoto utafute imani. Haimo. Katika mistari saba ya Marko, imani haitajwi hata mara moja. Hata hivyo kazi nyingi ninazosoma juu ya kifungu hiki zina aya inayoeleza kwamba Yesu alimponya binti kwa sababu ya imani ya mama yake, na ziko zinazotoa kichwa kizima cha habari kwa ajili hiyo. Mwandishi hajadanganya, ila ameeleza Mathayo. Kwa Marko sababu ni neno, yaani lile jibu alilolitoa mama. Unaweza kubishana kwamba nyuma ya jibu lile kuna imani, na hoja hiyo ina nguvu, lakini lazima uijenge kutoka kwa Marko. Unaweza, kwa mfano, kumtazama Yairo katika sura ya 5, ambaye naye alianguka miguuni pa Yesu kumwombea binti yake, na ambaye kwake imani inatajwa waziwazi. Baada ya kuweka visa hivyo viwili pamoja, ukimya wa Marko katika sura ya 7 unakuwa jambo la kueleza badala ya pengo la kuzibwa kwa Mathayo.

Kuna kipimo rahisi ninachowapa wanafunzi. Chukua kila sentensi ya rasimu yako ujiulize: kama mwalimu angebadili swali usiku na kuweka Mathayo 15:21–28 badala ya Marko, je, sentensi hii ingebaki ilivyo? Ikiwa ingebaki, haijagusa maandishi bado. Inoe au iondoe.

Tiro, na kazi ya chanzo cha kale

Sasa nenda maktaba, ukiwa na maswali yako mkononi. Swali la kwanza ni Tiro. Kwa nini Marko ataje mahali hapo, kisha aongeze kwamba mama ni Msirofoinike? Msomaji wa leo anasikia jina la mji tu. Msomaji wa karne ya kwanza alisikia zaidi, na vyanzo vinaweza kutuonyesha alichosikia.

Cha kwanza ni Yosefo Flavio, mwanahistoria Myahudi aliyezaliwa mwaka 37 na kuandika huko Roma baada ya vita. Katika kitabu chake cha kumpinga Apioni, kitabu cha 1, fungu la 70, anawataja watu wa Tiro kuwa miongoni mwa wale wenye uadui mkubwa kwa Wayahudi. Katika historia yake ya vita, kitabu cha 2, fungu la 478, anasema kwamba vita vilipolipuka watu wa Tiro waliwaua Wayahudi wengi na kuwafunga wengine minyororo. Cha pili ni Matendo ya Mitume 12:20, ambapo Tiro na Sidoni wanatafuta amani na mfalme Herode kwa sababu chakula chao kilitoka katika nchi yake.

Ukiziweka habari hizo pamoja unapata picha: mji wa biashara wa pwani unaolishwa na mashamba ya bara, na watu wa pande hizo mbili hawapendani. Hapo ndipo Gerd Theissen, mtaalamu Mjerumani wa Heidelberg, anapoingia. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1989 kuhusu mazingira ya kijamii ya Injili, anaeleza kwamba Tiro tajiri ilinunua nafaka ya Galilaya, na wakulima maskini waliokuwa wakilima ndio waliobaki na njaa. Kwake yeye, maneno ya kuchukua mkate wa watoto na kuwatupia mbwa yangesikika mpakani kama malalamiko ambayo watu walikuwa nayo midomoni tayari. Theissen anaongeza kwamba mwanamke anayeitwa Myunani huenda alikuwa mtu wa tabaka la juu, mwenye elimu ya Kigiriki.

Hoja hiyo ni nzuri, na uzuri wake ndio unaowaponza wanafunzi. Wengi huinakili yote na kuiacha ikiwa ukweli usiohojiwa. Msahihishaji anataka kuona umeipima. Sema ina nguvu wapi: inaeleza kwa nini mfano uwe wa mkate na si wa kitu kingine, na ina ushahidi wa Matendo na wa Yosefo nyuma yake. Kisha sema inalegea wapi: mistari yenyewe haimwiti mama huyu tajiri. Utajiri wake umetolewa kwenye neno Myunani na kwenye kitanda cha mstari wa 30, ambavyo ni vitu viwili vidogo kwa mzigo mkubwa hivyo. Na Yosefo aliandika baada ya vita, akiwa na sababu zake za kuwataja maadui, kwa hiyo anatuambia zaidi jinsi Tiro ilivyokumbukwa wakati Injili hii ilipoanza kusomwa kuliko hali ilivyokuwa siku Yesu alipofika huko. Sentensi mbili za kupima namna hiyo zina thamani kuliko kurasa tatu za muhtasari wa kitabu.

Angalia pia namna ya kunukuu rejeo. Yosefo hutajwa kwa jina la kitabu, namba ya kitabu na namba ya fungu, kama nilivyofanya hapo juu, ili mtu mwenye toleo lolote aweze kupapata. Ukiandika ukurasa wa toleo lako peke yake, msahihishaji mwenye toleo jingine hawezi kukufuata. Theissen, kwa upande mwingine, hutajwa kwa mwaka na ukurasa wa toleo ulilolisoma wewe. Na kama Yosefo umemkuta ndani ya Theissen wala hukumfungua mwenyewe, sema hivyo. Ni bora zaidi kumfungua. Mafungu hayo mawili ni mafupi na maandishi ya Yosefo yanapatikana bure.

Wataalamu wanapogombana

Mstari wa 27 una mgogoro maarufu. Kigiriki cha Marko hakitumii neno la kawaida la mbwa, kinatumia umbo la kudogosha, kama mtu anayesema vijibwa. Tafsiri ya Kiswahili haikuonyeshi jambo hilo, kwa hiyo ukilitaja lazima umtaje aliyekuambia. Kwa baadhi ya wafafanuzi, umbo hilo linapunguza ukali: ni mbwa wadogo wa nyumbani wanaozunguka meza, na Yesu anasema kwa upole. Wengine wanajibu kwamba Kigiriki cha wakati ule kilikuwa kimezoea maumbo hayo hata yakapoteza uzito, na kwamba Marko anayapenda: katika kifungu hiki hiki binti naye ni wa kudogoshwa, na makombo pia.

Kosa la kawaida hapa ni kuwapanga wataalamu foleni, huyu anasema hivi, yule anasema vile, kisha kuhamia mstari unaofuata. Hilo linaonyesha kwamba umesoma, lakini halielezi kifungu. Fanya hivi badala yake: uliza ni upande upi unaoeleza mistari mingi zaidi. Ikiwa maneno ya Yesu ni ya upole tu, jibu la mama halina cha kushinda, na mstari wa 29, unaosema wazi kwamba mambo yamebadilika kwa ajili ya neno lake, unapoteza uzito. Mimi naona kwa hiyo kwamba ukali ubaki. Umbo la kudogosha linafanya kazi nyingine: linawaingiza mbwa ndani ya nyumba, chini ya meza, na hapo ndipo mama anapopata nafasi ya kujibu. Mbwa wa barabarani hawangekuwa karibu na makombo ya watoto. Mwanafunzi anaweza kutofautiana nami, lakini akifanya hivyo kwa kutumia mistari, amefanya kazi aliyoombwa.

Nitaje mtaalamu mmoja zaidi, kwa kuwa wanafunzi wa Afrika humtumia sana na mara nyingi kwa namna isiyo sahihi. Musa Dube wa Botswana alichapisha mwaka 2000 kitabu juu ya usomaji wa Biblia unaohoji ukoloni na kuangalia nafasi ya wanawake. Humo anakichambua kisa cha mwanamke huyu kwa kina, na pia anawasikiliza wanawake wa makanisa huru ya Kiafrika wakikisoma. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini kifungu anachokichambua ni Mathayo 15:21–28. Hoja yake inategemea sana kwamba mwanamke anaitwa Mkanaani, jina linalokumbusha nchi iliyotekwa, na jina hilo halimo katika Marko. Ukimtumia kwenye swali la Marko, eleza kwamba anaongea juu ya Mathayo, kisha uonyeshe kipi cha hoja yake kinavuka hadi Marko na kipi hakivuki. Kwa mfano, swali lake kuhusu mamlaka kati ya anayesafiri na mwenyeji linavuka, kwa sababu kwa Marko pia Yesu ndiye mgeni katika nchi ya mama huyu. Jina Mkanaani na historia yake havivuki.

Kuandika

Sasa ndipo rasimu inapoanza. Kwa maneno 1000 ningegawa hivi: kama 120 kwa muktadha wa karibu, karibu 750 kwa mambo yale matatu, na yaliyobaki kwa hitimisho. Fuata mpangilio wa mistari yenyewe, ila usigawe nafasi sawa kwa kila mstari. Mistari ya 27 na 28 inastahili karibu nusu ya kazi. Usiisimulie hadithi upya. Msahihishaji anayo mbele yake.

Tofauti kati ya aya dhaifu na aya yenye nguvu huonekana kwa macho. Hii ni ya namna ninayokutana nayo mara nyingi: Yesu anamjaribu mwanamke ili aone imani yake. Wayahudi waliwaita Mataifa mbwa. Mwanamke hakukata tamaa, akaonyesha unyenyekevu mkubwa, na sisi pia tunafundishwa tusikate tamaa katika maombi.

Kila sentensi hapo ina shida yake. Kujaribu hakumo katika maandishi. Madai juu ya Wayahudi hayana chanzo, na kwa jinsi yalivyo ni ya jumla mno na yanawaumiza watu ambao hawapo kujitetea. Imani imeletwa kutoka kwa Mathayo. Sentensi ya mwisho ni mahubiri.

Aya ya pili juu ya mstari ule ule ingeweza kuwa hivi: Jibu la mwanamke katika mstari wa 28 halipingi mpangilio uliowekwa katika mstari wa 27. Yesu amesema watoto washibe kwanza, naye hadai kuwatangulia. Anachokigusa ni wakati: makombo huanguka watoto wakiwa bado mezani, kwa hiyo mbwa hawalazimiki kungoja karamu iishe. Neno kwanza, ambalo kwa Mathayo halipo, ndilo linalomwachia nafasi hiyo, kwa kuwa kilicho cha kwanza kinakubali kuwepo kwa cha pili. Msomaji wa Marko ameshaona katika sura ya 6 kwamba watoto walishiba na vikapu kumi na viwili vikabaki. Hoja ya mwanamke kwamba mkate unatosha inaungwa mkono na masimulizi yenyewe. Ikiwa Theissen anasema kweli kwamba maneno ya mstari wa 27 yaliakisi uchungu wa wakulima wa Galilaya, basi mwanamke anaupokea uchungu huo bila kuukana, na anaomba kile ambacho kisingempunguzia mtoto yeyote chakula.

Aya hiyo haina neno gumu. Imeshika mistari miwili, imetumia Mathayo mara moja kwa kulinganisha, sura ya 6 mara moja, na mtaalamu mmoja kwa tahadhari ya neno ikiwa. Huo ndio uwiano wa kulenga: katika kila aya ushahidi wa kifungu uwe mwingi kuliko sauti za watu wengine.

Mstari wa 29 uandikie kwa ufupi lakini kwa uthabiti. Katika Marko hakuna uponyaji mwingine wa mtu asiyekuwepo mbele ya Yesu. Huu ni wa pekee, na hakuna neno la kumfukuza pepo linalosemwa. Yesu anatangaza tu kwamba pepo ameshatoka. Unaweza kuonyesha hapo jinsi neno la mama lilivyo kiini cha kisa hata kuliko muujiza wenyewe, ambao unatokea nje ya macho yetu.

Hitimisho lisirudie yaliyokwisha kusemwa. Tumia maneno yako ya mwisho kueleza kifungu kinafanya nini mahali kilipowekwa. Baada ya mstari wa 30 Yesu anaelekea Dekapoli, nchi yenye watu wengi wa Mataifa, na baada ya uponyaji mmoja tu linakuja kundi la watu elfu nne wanaokula hadi kushiba. Wataalamu wengi huona kwamba karamu ya pili inawahusu watu wa Mataifa, ingawa Marko hasemi hivyo wazi, na mwanafunzi anapaswa kuitaja hiyo ingawa. Akishafanya hivyo anaweza kusema kwamba kati ya karamu ya kwanza na ya pili yamesimama mabishano ya mezani, ambayo mama asiye na jina aliyashinda, kisha ahesabu maneno yake, akague kila rejeo dhidi ya kitabu chenyewe, na awasilishe kazi.